Sarafu haikumbuki, lakini daftari langu linasema inakumbuka: nimekosea wapi?

Daftari la Usiku (mleta uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu. Nina jambo linalonisumbua kwa majuma matatu sasa, nami ningependa kulieleza kwa utaratibu ili mwenye ujuzi anioneshe nilipojikwaa.

Sote tumesikia kwamba sarafu haina kumbukumbu, na kwamba hata kichwa kikitokea mara tano mfululizo, mrusho wa sita unabaki nusu kwa nusu. Nilikuwa nalikubali neno hilo mdomoni, lakini kila nilipoona kichwa mara nne au tano nilihisi kabisa kwamba sasa ni zamu ya mkia. Nikasema nisibishane na hisia, nipime. Nilichukua sarafu moja na daftari, nikawa kila usiku naandika safu za mirusho kumi kumi, K kwa kichwa na M kwa mkia, hadi zikatimia safu 100, yaani mirusho 1,000.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Katika kila safu niliangalia kila K iliyofuatiwa na mrusho mwingine, nikauliza: je, iliyofuata ni K au M? Safu yangu ya kwanza ilikuwa K M M K K M K M M K. Hapo K zenye mrusho wa kuzifuata ni nne (ile ya mwisho haina), na moja tu ndiyo iliyofuatiwa na K nyingine. Kwa hiyo pembeni mwa safu niliandika asilimia 25. Nilifanya hivyo kwa safu zote 100, kisha nikatafuta wastani wa zile asilimia za pembeni.

Wastani umekuwa asilimia 44. Kwa maneno mengine, baada ya kichwa, mkia ulikuja asilimia 56. Nimerudia kujumlisha mara tatu na jibu ni lile lile. Sasa niambieni: sarafu inakumbuka, ama mimi ndiye niliyekosea?

---

Subira Njema

Ndugu mleta uzi, sioni kwa nini unashangaa. Uwezekano wa kupata vichwa sita mfululizo ni 1 kati ya 64, jambo ambalo linafahamika kwa yeyote aliyesoma hesabu hizi. Ikiwa vitano vimeshatoka, basi ili kitoke cha sita lazima litokee jambo la nadra sana, na ndiyo maana mkia una nguvu zaidi. Mimi naona daftari lako limethibitisha hesabu hiyo.

---

Mwalimu Mstaafu

Nawasalimu wote. Nilifundisha takwimu kwa miaka mingi, na uzi huu umenigusa, kwa sababu kosa la mleta uzi si lile la kawaida. Nitalirudia baada ya kumjibu dada Subira.

Dada, hiyo 1 kati ya 64 ni sahihi, lakini ni bei ya safari nzima kabla hujaanza kurusha. Ukishaona vichwa vitano, umeshapita sehemu kubwa ya safari. Lile jambo la nadra limekwishatokea na halidaiwi tena. Linganisha safu mbili: K K K K K K na K K K K K M. Ya kwanza ina uwezekano wa 1 kati ya 64. Ya pili nayo ina uwezekano huo huo wa 1 kati ya 64, wala si zaidi. Ukiwa umesimama baada ya K ya tano, njia zilizobaki mbele yako ni hizo mbili tu, na zina uzito sawa. Macho yetu huiona ya kwanza kuwa ya ajabu na ya pili kuwa ya kawaida, kwa sababu ile ya pili tunaitia moja kwa moja katika kundi kubwa la «safu zilizochanganyika», ilhali nayo ni safu moja mahususi kama ya kwanza.

Tena tufikirie kitu chenyewe. Kinachoamua upande wa kutua ni nguvu ya kidole gumba, kasi ya kuzunguka, kimo ilichorushwa, upande uliokuwa juu ilipoanza na namna ilivyopokelewa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kimehifadhi habari kwamba mara tano zilizopita zilikuwa vichwa. Ili mkia uwe na nafasi kubwa zaidi, matokeo yale ya zamani yangelazimika kuacha alama mahali fulani, kwenye chuma au kwenye mkono, na alama hiyo haipo.

---

Pima Kwanza

Mwalimu, kwa heshima zote, mimi nadhani umeacha nusu ya ukweli. Ipo kanuni ya idadi kubwa, ambayo haipingwi na mtu yeyote: ukirusha mara nyingi sana, sehemu ya vichwa huikaribia nusu. Sasa kama nimeanza na vichwa kumi mfululizo, nimeshaegemea upande mmoja. Ili nirudi kwenye nusu, lazima huko mbele mikia izidi vichwa. Haiwezekani irudi yenyewe bila mikia kuzidi. Huenda haitakuwa mrusho wa kumi na moja hasa, lakini lazima deni lilipwe mahali fulani.

---

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Pima Kwanza, kanuni uliyoitaja ni ya kweli, na uwiano kweli huikaribia nusu. Ulipoteleza ni kwenye neno «deni». Hebu tulifuatilie deni lako kwa tarakimu.

Umeanza na vichwa kumi. Tuseme baada ya hapo unarusha mara 1,000 na sarafu inafanya kile ambacho sarafu isiyokumbuka hufanya kwa wastani: vichwa 500, mikia 500. Sasa una vichwa 510 katika mirusho 1,010, yaani asilimia 50.5 hivi. Ongeza hadi mirusho 10,000 baada ya vile kumi vya mwanzo: vichwa 5,010 katika 10,010, ambayo ni asilimia 50.05. Uwiano umekaribia nusu kama kanuni inavyotaka, na vile vichwa kumi vya ziada bado vipo vyote. Hakuna hata kimoja kilicholipwa. Vimezama tu katika wingi wa mirusho iliyofuata, kama chumvi kidogo iliyomwagwa kwenye pipa la maji.

Lipo jaribio la kweli ambalo mimi hulipenda mno kuliko mifano ya kubuni. John Kerrich, mwanahisabati aliyefundisha Afrika Kusini, alizuiliwa nchini Denmaki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na akiwa kizuizini alirusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila tokeo. Baada ya mirusho 100 alikuwa na vichwa 44, yaani pungufu ya nusu kwa 6. Baada ya mirusho 10,000 alikuwa na vichwa 5,067, yaani zaidi ya nusu kwa 67. Tazama mambo mawili kwa pamoja: kwa kuhesabu vichwa, umbali kutoka nusu ulikua kutoka 6 hadi 67, kwa asilimia, ulipungua kutoka 6 hadi 0.67. Kama sarafu ingekuwa inalipa madeni, ule umbali wa kwanza ungekuwa unarudi sifuri kila mara. Haukurudi, na hakuna kanuni inayoutaka urudi.

Mcheza kamari husikia habari ya asilimia akadhani ameahidiwa habari ya idadi. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya kosa hili imejificha hapo.

---

Mvuvi wa Bahati

Mimi sijui hesabu za namna hiyo, lakini nimeguswa na neno «deni», kwa hiyo naomba kueleza yaliyonipata.

Nilikuwa nacheza ruleti kwa simu, kwenye tovuti ambayo sitaitaja. Sikuwa nikicheza ovyo. Nilikuwa nasubiri, hata saa nzima ikibidi, hadi nyeusi itoke mara sita mfululizo, ndipo ninaweka dau kwenye nyekundu. Nikiliwa naongeza dau mara mbili: 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8, na kuendelea, ili nyekundu ikitoka nirudishe yote niliyopoteza na kupata 1 juu yake. Kwa muda mrefu mpango ulikwenda vizuri sana, na kila jioni nilikuwa napata kidogo kidogo, mpaka nikaanza kuamini kwamba nimegundua kitu ambacho wengine hawakijui.

Kisha ikafika siku nyeusi ikatoka mara sita, nikaanza kuweka, ikatoka ya saba, ya nane, ya tisa, hadi ya kumi na nne. Yaani niliwekeza mara nane na mara zote nane nikaliwa. Jumla nilipoteza 255, na dau lililofuata lilitakiwa kuwa 256 ambalo sikuwa nalo. Nakumbuka nilivyokuwa nikiitazama skrini. Kadiri nyeusi ilivyozidi kutoka ndivyo nilivyozidi kuwa na uhakika kwamba nyekundu iko mlangoni, na ndivyo mkono ulivyozidi kuwa mwepesi. Swali langu ni hili: kule kusubiri mara sita kulinisaidia japo kidogo?

---

Mwalimu Mstaafu

Pole sana, ndugu yangu. Nakujibu bila kuzungusha: kusubiri hakukusaidia hata kidogo, na hakukudhuru pia. Kama ungeanza kuweka dau pale tu ulipofungua simu, bila kuangalia rangi zilizopita, uwezekano wako ungekuwa ule ule.

Hebu tuuangalie mpango wako kwanza kwa sarafu ya haki, halafu kwa ruleti. Kwa sarafu, uwezekano wa kuliwa mara nane mfululizo ni 1 kati ya 256. Kwa hiyo ukicheza awamu 256, kwa wastani awamu 255 zinakupa 1 kila moja, jumla 255, na awamu moja inakunyang'anya 255. Inarudi sifuri kamili. Mpango haukuumba faida yoyote. Ulichofanya ni kukusanya ushindi mdogo mwingi na kuupanga upande mmoja, kisha ukaweka hasara yote kwenye siku moja. Ndiyo maana kwa muda mrefu ulionekana kufanya kazi.

Kwenye ruleti yenye nafasi 37, nyekundu ni 18, nyeusi ni 18 na moja ni sifuri, kwa hiyo wewe uliyeweka kwenye nyekundu unaliwa na nafasi 19 kati ya 37. Uwezekano wa kuliwa mara nane unakuwa takriban 1 kati ya 207. Yaani awamu 206 zikupe 206, na moja ikuondolee 255. Pengo hilo la 49 ndilo pato la mwenye meza, na hakuna kusubiri kunakolipunguza.

Hukuwa peke yako. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo, na waliokuwa mezani walizidi kumwaga fedha kwenye nyekundu kadiri mfululizo ulivyorefuka, kwa hoja hiyo hiyo uliyoieleza. Gurudumu lilikuwa na nafasi 18 nyekundu kabla ya mzunguko wa ishirini na sita kama lilivyokuwa nazo kabla ya ule wa kwanza.

---

Daftari la Usiku

Mwalimu, nashukuru kwa maelezo yote, na nimeyaelewa. Lakini naona swali langu limepitwa. Kama sarafu haikumbuki, ile asilimia 44 imetoka wapi? Sikubuni namba.

---

Jicho la Tatu

Mleta uzi, je, ulikuwa unaiwekaje sarafu kabla ya kurusha? Nauliza kwa sababu sarafu ya kurusha kwa mkono si nusu kwa nusu kabisa. Persi Diaconis na wenzake walionesha mwaka 2007, kwa hesabu za mwendo, kwamba sarafu huelekea kidogo kutua upande ule ule uliokuwa juu ilipoanza, takriban asilimia 51. Baadaye watafiti wengine wakakusanya mirusho 350,757 iliyofanywa na watu 48, na wakapata asilimia 50.8. Kwa hiyo mimi sikubali moja kwa moja kwamba sarafu haina kumbukumbu. Ukiiokota na kuirusha tena upande wa juu ukiwa ni ule uliotua, tokeo la jana linaingia katika tokeo la leo.

---

Mwalimu Mstaafu

Hoja nzuri, na namba zake ni sahihi. Ila tazama inaelekea wapi: kama mtu anaiokota sarafu bila kuigeuza, baada ya kichwa kinachopata nafasi kidogo zaidi ni kichwa. Inamwondoa mcheza kamari kwenye mkia, haimpeleki. Tena ni chini ya asilimia moja juu ya nusu, ambayo haiwezi kueleza pengo la asilimia sita la daftari la ndugu yetu, sembuse kwa upande ulio kinyume. Nakubali kwamba «haina kumbukumbu» ni kauli inayohitaji sharti kwamba mrushaji asifungamanishe mrusho na ule uliotangulia.

Sasa nakuja kwenye asilimia 44. Ndugu Daftari, namba zako nazikubali bila shaka yoyote. Zaidi ya hapo, ungepata 50 ningeshtuka, kwa sababu kwa jinsi ulivyohesabu, sarafu kamilifu isiyokumbuka chochote inatakiwa kutoa takriban 44.5. Jambo hili lilielezwa wazi na Joshua Miller na Adam Sanjurjo katika makala yao ya mwaka 2018, na kabla ya hapo limewapita watu waliobobea kuliko mimi na wewe.

Mirusho kumi ni mingi kuandika hapa, hivyo tutumie mitatu. Safu zinazowezekana ni nane na zote zina uzito sawa. Mbele ya kila moja nitaandika ile asilimia ambayo wewe ungeiandika pembeni:

K K K: K mbili zina wafuasi, zote zinafuatwa na K. Asilimia 100.
K K M: K mbili zina wafuasi, moja inafuatwa na K. Asilimia 50.
K M K: K moja ina mfuasi, ni M. Asilimia 0.
K M M: K moja, inafuatwa na M. Asilimia 0.
M K K: K moja, inafuatwa na K. Asilimia 100.
M K M: K moja, inafuatwa na M. Asilimia 0.
M M K: hakuna K yenye mfuasi, safu inaachwa.
M M M: vivyo hivyo, inaachwa.

Jumlisha asilimia za pembeni: 100, 50, 0, 0, 100, 0, jumla 250. Gawanya kwa safu sita zilizobaki, unapata asilimia 41.7 hivi. Chini ya nusu, ilhali hatujarusha sarafu yoyote. Tumeandika tu uwezekano wote uliopo.

Sasa hesabu kwa njia nyingine. Sahau pembeni, zihesabu K zenyewe. K zenye wafuasi katika safu zote ni 2, 2, 1, 1, 1, 1, jumla nane. Zilizofuatwa na K ni 2, 1, 0, 0, 1, 0, jumla nne. Nne kati ya nane. Nusu kamili.

Tofauti imetoka wapi? Iko kwenye safu ya kwanza. K K K ina K mbili zilizofuatwa na kichwa, lakini wewe umezipa kura moja, sawa na ile K moja ya pweke katika K M M. Vichwa vinapofuatana vinarundikana katika safu chache, na ukiipa kila safu kura moja, rundo hilo linanyimwa uzito wake. K za pweke, ambazo kwa kuwa za pweke zimefuatwa na M, zinapata kura kuliko stahili yao. Upungufu umezaliwa na kugawanya kwanza na kutafuta wastani baadaye. Sarafu haihusiki.

Ukitaka kuhakiki, rudi kwenye daftari lako, usihesabu safu kwa safu. Tafuta K zote zenye mfuasi ndani ya safu, kisha zile zilizofuatwa na K, na ugawanye mara moja tu mwishoni.

---

Pima Kwanza

Nimesoma orodha hiyo mara tatu na kuiandika upya kwa mkono wangu. Nakiri kuhusu deni nilikuwa nimekosea. Ila hili jipya limenipa wazo: je, si kwamba watu wanahisi «zamu ya mkia» kwa sababu wamekuwa wakiishi katika safu fupi fupi, na wanazikumbuka safu kwa safu kama ndugu yetu alivyofanya? Basi hisia yao ingekuwa imetoka kwenye uzoefu wa kweli uliohesabiwa vibaya.

---

Mwalimu Mstaafu

Wapo wanaoifikiria njia hiyo, na siwezi kuikataa. Mimi binafsi nina mashaka, kwa sababu sidhani watu hutunza asilimia za pembeni vichwani mwao.

Nililoliona darasani ni tofauti. Kila mwaka niliwagawa wanafunzi makundi mawili. Kundi moja lilirusha sarafu mara 200 na kuandika. Kundi la pili liliandika matokeo 200 kutoka kichwani, bila sarafu, likijitahidi yafanane na ya kweli. Mimi nilikuwa nje ya chumba. Nikirudi, nilizipitia karatasi nikitafuta kitu kimoja tu: je, kuna mahali upande mmoja umetokea mara sita au zaidi mfululizo? Katika mirusho 200 ya kweli, jambo hilo hutokea kwa uwezekano wa zaidi ya asilimia 96. Karatasi za kubuni zilikuwa nadra kuzidi nne, kwa sababu mwanafunzi akiandika K ya nne kalamu yake inaanza kuona haya, na ya tano anaibadilisha kuwa M. Karibu kila mara niliweza kutaja ni karatasi ipi ya kundi lipi. Hakuna aliyekuwa amefundishwa kuhisi hivyo, na hakuna fedha iliyokuwa mezani. Walitaka hata kipande kidogo cha safu kifanane na nusu kwa nusu ya safu ndefu, na sarafu haijaahidi hilo kwa vipande.

Kama hisia hiyo ilizaliwa kwenye hesabu mbaya ya safu fupi au kwingineko, naliacha wazi.

---

Daftari la Usiku

Mwalimu, nimefanya kama ulivyoelekeza, na imenichukua usiku mzima kwa sababu nilitaka kuwa na hakika. K zenye mfuasi ndani ya safu zangu zote ni 452. Zilizofuatwa na K ni 224, zilizofuatwa na M ni 228. Hiyo ni asilimia 49.6 kwa kichwa. Ni mirusho ile ile, daftari lile lile, wino ule ule. Kilichobadilika ni mahali nilipogawanya.

Nimebaki na swali dogo. Kama ningeandika safu za mirusho 100 badala ya kumi, pengo lingetoweka?

Kwa ndugu Jicho la Tatu: sikuwa nikiangalia upande gani ulikuwa juu kabla ya kurusha. Nitaanza upya nikiandika na hilo.

---

Mwalimu Mstaafu

Lingepungua sana lakini lisingetoweka. Kwa safu za 100 ungepata takriban asilimia 49.5. Hata hivyo, ukiuliza swali gumu zaidi, yaani ni nini hufuata baada ya K tatu mfululizo, hata safu za 100 hukupa takriban 46 kwa njia yako ya kwanza, kwa sababu mifululizo ya K tatu ni michache na inarundikana zaidi. Walio na desturi ya kuangalia mifululizo mirefu, kama ndugu Mvuvi, ndio ambao pengo hili lingewapotosha zaidi.

---

Subira Njema

Mwalimu, nimekuelewa kuhusu 1 kati ya 64. Bado sijakubali moyoni, lakini kwenye karatasi sina pa kupinga.

---

Mvuvi wa Bahati

Nimerudi baada ya siku mbili. Ile akaunti yangu ya zamani ilikuwa bado inafunguka, na ndani yake kuna orodha ya kila mzunguko nilioutazama, hata ile ambayo sikuweka dau. Ni zaidi ya mizunguko 2,300. Sikuhesabu siku kwa siku. Niliihesabu yote kama kitu kimoja, jinsi mwalimu alivyomwelekeza mleta uzi.

Nyeusi sita mfululizo zilitokea mara 31. Kilichofuata kilikuwa nyekundu mara 14, nyeusi mara 16, na sifuri mara 1. Najua mara 31 ni chache na sitaki kuzitumia kudai lolote. Ninachotaka kusema ni kwamba kabla ya kuhesabu, kama mngeniuliza, ningeapa kwamba nyekundu ilikuja angalau mara ishirini na tano. Zile 14 nazikumbuka karibu zote, na nyingine naikumbuka hadi saa iliyotokea. Zile 16 za nyeusi, ukiacha ile ya siku niliyoishiwa, nimezisoma kwenye orodha kama mambo yaliyompata mtu mwingine.